Foleni ya Jumatatu saa mbili asubuhi inatuzidi: mnakadiriaje watu wa kuanza zamu?

Karani_wa_Rosta (mwenye uzi)
Jumanne, saa 3:12 usiku

Wadau hamjambo. Niko kol senta ya kampuni ya intaneti za nyumbani hapa Nairobi, upande wa Mombasa Road. Miezi minne iliyopita nilitolewa kwenye hedseti nikapewa kazi ya kupanga rosta. Aliyekuwa akiifanya kabla yangu aliniachia faili moja ya Eksel na nenosiri lake, basi.

Shida yangu ni Jumatatu. Laini zinafunguliwa saa moja asubuhi, na ikifika saa mbili ule ubao wa ukutani umegeuka mwekundu wote. Wateja wamelipa kwa M-Pesa wikendi, mwingine amekosea namba ya akaunti, intaneti haijarudi, na wote wanasubiri Jumatatu ndio wapige.

Nilivyokadiria ni hivi. Nilichukua ripoti ya Jumatatu sita, safu ya `Answered`, saa mbili hadi saa tatu. Wastani ni simu 118. Simu moja inakula dakika 5 ukijumlisha maongezi na kuandika maelezo baada ya kukata, kwa hivyo mhudumu mmoja anamaliza 12 kwa saa. 118 kwa 12 ni karibu watu 10. Nikaweka 14 waanze saa mbili ili niwe na akiba ya wanne, na bado tunazama. Wakubwa wanataka simu 80 kati ya kila 100 zipokelewe ndani ya sekunde 20. Jumatatu iliyopita saa hiyo tulipata 9.

Bosi anasema wahudumu ni wavivu. Nimekaa nao miaka miwili, si wavivu. Nimekosea wapi?

---

Dar_Mpaka_Moro
Jumanne, saa 3:30 usiku

Mkuu foleni ya hapo Mombasa Road haina dawa, mwezi juzi nilikwama nikitoka uwanja wa ndege hadi nikakata tamaa. Mtoke nyumbani saa kumi na moja alfajiri au mpande ile barabara ya juu ya kulipia.

---

Karani_wa_Rosta
Jumanne, saa 3:34 usiku

Ndugu yangu wa Dar, ni foleni ya simu 😂 Ya magari hata sithubutu kuikadiria.

---

Jioni_Shifti
Jumanne, saa 3:51 usiku

Kosa lako ni dogo. Hakuna mtu anayepokea simu 12 kwa saa mfululizo, ni binadamu, anakunywa maji, anaenda msalani. Weka 10 kwa saa. 118 kwa 10 ni watu 12, halafu zidisha kwa 1.2 kwa ajili ya wagonjwa na wachelewaji, unapata 14.4, yaani 15. Ongeza mmoja tu. Sisi tunafanya hivyo miaka yote na mambo yanaenda.

---

Mzee_wa_Ubao
Jumanne, saa 4:20 usiku

Jioni, uko sawa kwamba mtu hapigi kazi dakika 60 kwa 60. Lakini umeanza na 118 kama yeye, na 118 ndiyo yenye ugonjwa.

Karani, simu zilizopokelewa hazikuambii wateja wangapi walipiga. Zinakuambia watu wako waliweza kupokea ngapi. Ukiweka watu kumi mwaka mzima, ripoti itasema 118 mwaka mzima, nawe utaisoma na kuweka watu kumi tena. Ni kupima kiu ya mtaa kwa kuhesabu mitungi iliyojaa siku ya mgao wa maji.

Sasa usikimbilie kuongeza zile zilizokatwa kabla ya kupokelewa ukadhani umemaliza. Mteja akisubiri dakika nne anakata, anapiga tena, anakata, anapiga tena. Huyo ni mtu mmoja mwenye shida moja, na ripoti imemhesabu mara tatu. Ukichukua jumla yote utaomba watu ambao hutawahi kuwahitaji, maana ukipokea ile simu yake ya kwanza, zile mbili hazizaliwi.

Unachotafuta kiko katikati: watu wangapi tofauti walitaka kuongea nanyi saa ile. Toa orodha ya simu moja moja yenye muda na namba ya mpigaji, uhesabu simu ya kwanza ya kila namba.

Na kuna kitu kingine kinanisumbua kwenye hesabu yako. Simu 118 za dakika 5 ni dakika 590. Hiyo ni kazi ya watu 10 wasioinua kichwa. Unasema waliingia 14 na foleni ilijaa saa nzima, na foleni ikijaa hakuna anayekaa bure. Kazi ya watu wanne imeenda wapi? Angalia ripoti ya muda walioingia kwenye mfumo wa simu. Rejista ya mlangoni iache.

---

Karani_wa_Rosta
Jumatano, saa 2:45 usiku

Mzee, leo sikula chakula cha mchana, lakini nimeona mambo.

Kwanza kuhusu wale wanne. Rejista ya mlinzi inasema watu 14 walifika kabla ya saa mbili na dakika kumi. Mfumo wa simu unasema hivi kwa Jumatatu iliyopita: saa mbili kamili walikuwa hewani 6. Saa mbili na robo walikuwa 11. Watatu wa mwisho waliingia saa mbili na dakika 40. Ukipiga dakika za wote kwa ile saa moja ni dakika 645, kwa hivyo ni kama nilikuwa na watu kumi na robo tatu. Nilikaa leo asubuhi nikaangalia kwa macho. Mtu anafika saa mbili kasorobo, anatafuta hedseti inayosikika upande wote, kompyuta inawaka kwa dakika nane, mfumo wa wateja unakataa nenosiri, anaita mtu wa IT. IT mwenyewe anaanza kazi saa tatu.

Pili, orodha ya simu. Simu zilizoingia saa ile ni 214. Zilizopokelewa 118, zilizokatwa 96. Namba tofauti ni 151. Kuna mama mmoja alipiga mara tisa, na nikimsikiliza kwenye rekodi ya ile ya tisa, dakika ya kwanza yote ni kutukemea.

Nilianza kwa kuhesabu kwa mkono nikachoka. Kijana wa ripoti akanipa hii, muda uko safu ya A, namba safu ya C, na orodha imepangwa kwa muda:

```
=IF(COUNTIFS($C$2:C2,C2,$A$2:A2,">="&A2-TIME(1,0,0))=1,1,0)
```

Inaandika 1 kama namba hiyo haijapiga ndani ya saa moja iliyotangulia, vinginevyo 0. Mwanzoni ilinipa 163, kumbe namba ileile imeandikwa mara 07 na mara 2547. Nikatengeneza ile safu ya C yenye tarakimu tisa za mwisho tu, `=RIGHT(B2,9)`, ikashuka hadi 151.

---

Binti_Githurai
Jumatano, saa 3:05 usiku

Kabla hujaendelea, hakikisha saa ya ripoti yako ni saa ya Nairobi. Yetu ya simu ilikuwa sawa, ya chati, yaani wateja wanaotuandikia ujumbe, ilikuwa inatoka seva ya nje kwa UTC, nyuma kwa saa tatu. Tulizijumlisha bila kujua. Chati za saa mbili asubuhi zikawa zinaonekana `05:00`, tukaanza kuambiwa tulete watu alfajiri kuhudumia wateja waliolala. Nilikuwa mmoja wa wale walioletwa. Nilisoma magazeti yote ya wiki ile.

Kilichotufumbua macho ni siku seva yetu ya malipo ilipoanguka saa sita mchana. Simu zilipanda `12:00`, chati zikapanda `09:00`. Tatizo moja, milima miwili. Chukua tukio unalojua saa yake, uone ripoti zako zote zinalionyesha saa hiyohiyo.

---

Mzee_wa_Ubao
Jumatano, saa 4:02 usiku

Binti amesema jambo la maana. Na sisi Waswahili tuna mtego wetu wa ziada: supavaiza anasema "saa mbili", mgeni wa makao makuu anaandika `02:00`. Nimeiona kwenye rosta iliyokwisha bandikwa ukutani.

Karani, 151 naikubali, ukijua ina upungufu wake. Mtu aliyepokelewa kisha akapiga tena kwa shida nyingine imemfuta, na aliyekata akaenda kutuma ujumbe haimwoni. Kwa Jumatatu yako inatosha.

Sasa mzigo. Simu 151 mara sekunde 300, gawanya kwa sekunde 3600, ni 12.58. Maana yake, simu zote zikipangwa mstarini bila nafasi katikati, zitamaliza nguvu za watu 12 na nusu. Wengi wanaishia hapo, wanaandika 13 na kwenda nyumbani. Tatizo ni kwamba simu haziji kwa mstari. Dakika hii zinakuja tano, dakika ijayo haiji hata moja, na ile dakika tupu huwezi kuiweka akiba uitumie baadaye. Mdenmaki mmoja, A. K. Erlang, aliyekuwa kampuni ya simu ya Copenhagen, aliitatua hesabu hii na kuichapisha 1917. Ndiyo inayoendesha programu nyingi za rosta zinazouzwa kwa bei ya gari. Kwenye Eksel ni mistari miwili. Mzigo uko E2, idadi ya watu F2, na huu wa kwanza uweke G2:

```
=POISSON.DIST(F2,E2,FALSE)/(POISSON.DIST(F2,E2,FALSE)+(1-E2/F2)*POISSON.DIST(F2-1,E2,TRUE))
=1-G2*EXP(-(F2-E2)*20/300)
```

Wa kwanza unakupa nafasi ya mteja kukuta wote wako kwenye simu. Wa pili unakupa sehemu ya wateja watakaopokelewa ndani ya sekunde 20. Ile 300 ni muda wa simu yako, ibadilishe ukibadilika.

Jaribu mzigo wako wa 12.58. Watu 13 waliokaa na hedseti masikioni: 15 kati ya 100 ndani ya sekunde 20, na wastani wa kusubiri unapita dakika kumi. Watu 14 wanakupa 44. Watu 16 wanakupa 78. Watu 17 wanakupa karibu 87, na wastani wa kusubiri ni sekunde 12. Soma hizo namba mbili za mwanzo na mwisho tena: watu wanne juu ya 13 wanatoa mteja kwenye dakika kumi na kumweka kwenye sekunde 12. Ndiyo maana bosi wako haelewi. Anaona 13 na 17 ni karibu sawa.

Fomula hii inaamini hakuna mteja anayekata, kwa hivyo ukiwa na watu wachache inakuonyesha hali mbaya kuliko utakayoiona. Kwenu watakata kabla ya kufika dakika kumi. Lakini kwa kuchagua kati ya 16 na 17 iko vizuri.

---

Jioni_Shifti
Jumatano, saa 4:15 usiku

Sawa, nimenyoosha mikono kuhusu 118. Kwa hivyo 17 mara 1.2 ni 20.4, aite watu 21.

---

Mzee_wa_Ubao
Jumatano, saa 4:31 usiku

Hapo napo, ndugu yangu. Ukisema asilimia 20 ya watu hawatakuwepo, basi waliopo ni asilimia 80 ya ulioita. Ita 21, kisha toa asilimia 20: unabaki na 16.8. Gawanya badala ya kuzidisha. 17 kwa 0.8 ni 21.25, na mtu hana robo, kwa hivyo 22.

Na hiyo 20 umeitoa wapi? Ya siku nzima ina mapumziko ya chai, ya chakula, mafunzo. Saa mbili hadi saa tatu hakuna anayekwenda chai. Kinachowaua kina Karani saa hiyo ni kuchelewa kuingia kwenye mfumo. Kwa data yake alipoteza zaidi ya watu watatu kati ya 14, karibu asilimia 23, na karibu yote ni kompyuta na hedseti. Huo si ugonjwa wa kutibiwa kwa kuajiri. Kila saa ina upungufu wake, upime peke yake.

---

Sista_Eastleigh
Alhamisi, saa 1:20 asubuhi

Nimesoma yote na sijui kama nimeingia uzi wangu. Mimi ni muuguzi, kliniki ya wagonjwa wa nje. Kwetu mlango unafunguliwa saa mbili, lakini watu wako benchi tangu saa kumi na mbili. Mgonjwa hakati simu akapiga tena, anakaa tu. Karatasi ya mapokezi inasema watu 60 "walifika" saa mbili hadi saa tatu, kwa sababu ndipo karani anaanza kuandika. Hii hesabu ya sekunde 20 inanisaidia nini?

---

Mzee_wa_Ubao
Alhamisi, saa 6:50 mchana

Sista, ya sekunde 20 haikusaidii, achana nayo. Lakini ugonjwa wako ni uleule wa 118: karatasi inaandika saa ya kuhudumiwa ikiita saa ya kufika. Mpe mlinzi kadi zenye namba, aandike saa mgonjwa anapoingia getini, wiki mbili tu. Halafu kwa kila saa andika jumla ya waliokwisha fika tangu asubuhi na jumla ya waliokwisha onwa. Tofauti ya hizo mbili ndiyo benchi lako. Utaona kama unahitaji mtu wa pili saa moja na nusu au saa nne. Nadhani ni saa moja na nusu, ila usiniamini kabla ya kadi.

---

Karani_wa_Rosta
Alhamisi, saa 2:10 usiku

Mzee, swali la mwisho (uongo, nitaleta mengine). Hizo 151 ni za Jumatatu iliyopita. Jumatatu ijayo ni baada ya mishahara. Nikiangalia Jumatatu za mwisho wa mwezi zinaruka sana, za katikati zimetulia. Nikitafuta wastani wa zote napata namba ambayo haifanani na Jumatatu yoyote.

---

Mzee_wa_Ubao
Alhamisi, saa 3:40 usiku

Usikadirie saa moja kwa moja. Gawa kazi mara mbili: siku nzima itakuwa na simu ngapi, na kila saa inakula fungu gani la siku hiyo. Jumla ya siku inaruka na mishahara, bili na hitilafu. Umbo la siku haliruki hivyo, kwa sababu linatokana na watu kuamka, kufika kazini na kurudi nyumbani. Jumatatu yako iliyopita ilikuwa na namba tofauti ngapi kwa siku nzima?

---

Karani_wa_Rosta
Alhamisi, saa 3:58 usiku

1,120. Kwa hivyo 151 ni asilimia 13.5. Nimepitisha Jumatatu zote sita, ya chini kabisa ni 12.9 na ya juu 14.2. Aisee. Jumla zenyewe zinatoka 980 hadi 1,430!

Moja ilikuwa na asilimia 8 tu, lakini hiyo ilikuwa sikukuu iliyoangukia Jumapili ikasogezwa Jumatatu, watu walilala. Nimeitoa nikachukua ya wiki iliyotangulia.

---

Mzee_wa_Ubao
Alhamisi, saa 4:12 usiku

Umefanya vizuri kuitoa, lakini usiitupe. Iweke kwenye faili ya sikukuu, itakuja kukufaa. Iddi hasa, ambayo unajua siku yake mwezi ukiandama, wakati rosta imeshatoka.

Kwa Jumatatu ya mishahara, chukua zile za mishahara tu. Kama zimekaa karibu na 1,400, asilimia 13.5 yake ni 189. Mzigo ni 15.75, fomula itakupa watu wako. Kama una mbili tu za kulinganisha, jiambie wazi kwamba ni mbili, na umwombe meneja mtu mmoja wa akiba badala ya kumpa namba yenye nukta.

Fanya hivyo kwa kila saa, lakini dakika 5 usizibebe siku nzima. Jioni mteja yuko nyumbani kando ya ruta, unamwambia chomoa, chomeka, soma taa.

---

Karani_wa_Rosta
Alhamisi, saa 4:25 usiku

Nimeangalia sasa hivi. Saa mbili usiku ni dakika 7 kwa simu. Namba tofauti 110. Mzigo 12.83. Yaani simu 110 za usiku ni kazi nyingi kuliko 151 za asubuhi, na usiku nina watu 9 😳

---

Kijana_wa_Hedseti
Ijumaa, saa 5:05 asubuhi

Mimi ni mhudumu, si wa kwenu, lakini nimeona mnakoelekea na nataka kusema mapema. Milima miwili, asubuhi na usiku, sasa mtasema "zamu ya vipande": njoo saa moja na nusu hadi saa tano, rudi saa kumi na moja hadi saa nne usiku. Kwetu walileta hiyo. Kwenye karatasi ya meneja ilipendeza. Mimi nakaa Rongai. Nauli mara mbili, mchana siwezi kwenda nyumbani, nalala kwenye kiti cha kantini. Mvua ikinyesha nauli inapanda, na usiku gari la kampuni linashusha wasichana kwanza. Miezi mitatu watu wazuri wote waliondoka, wakabaki wageni ambao simu moja ni dakika 9. Mzigo ukapanda kuliko mwanzo.

---

Jioni_Shifti
Ijumaa, saa 5:40 asubuhi

Pole kaka, lakini sisi tuna hizo zamu na kuna wanaozipenda, hasa wanaoishi karibu na wanaosoma mchana. Si lazima iwe kwa wote.

---

Mzee_wa_Ubao
Ijumaa, saa 7:15 mchana

Nyote wawili mmesema kweli, na hapo sina fomula. Niliwahi kuziweka kwa wanaojitolea tu nikapata wanne kati ya arobaini. Wanne walinisaidia, sikuwa na la zaidi.

Kijana ametaja mvua. Karani, hilo liandike. Siku ya mvua kubwa umeme unakatika mitaani, nyaya zinakatika, simu zinapanda. Mvua ileile imewakwamisha watu wako barabarani. Wengi wanapandisha makadirio ya simu na kuacha upungufu wa watu vilevile, wakati vinakuja pamoja siku moja.

---

Karani_wa_Rosta
Jumatatu baada ya wiki mbili, saa 3:20 usiku

Nimerudi na matokeo.

Watu 22 sikupewa. Meneja alisema kichwa kipya hakuna hadi robo ijayo. Nilichofanya: sita wa zamu ya saa mbili nimewaanzisha saa moja na nusu, na wanatoka nusu saa mapema. Watatu waliokuwa wanaanza saa nne, saa ambayo tulikuwa na watu wa ziada, nimewarudisha saa mbili kasorobo kwa Jumatatu tu. IT amekubali kuwasha kompyuta zote saa moja kwa mbali. Hedseti zimeandikwa majina kwa maka pen. Hii ya hedseti ndiyo iliyogharimu kidogo na kuleta ugomvi mwingi.

Leo saa mbili hadi saa tatu: zilizoingia 168, namba tofauti 149, zilizopokelewa 145, zilizokatwa 23. Dakika za watu hewani zilitosha watu 15 na nusu. Ndani ya sekunde 20 ni 61 kati ya 100. Kutoka 9! Na muda wa simu umeshuka kutoka sekunde 300 hadi 280, nadhani kwa sababu mteja hana tena ile dakika ya kulalamika aliyosubiri.

Lakini kwa hesabu ya 15 na nusu nilitegemea zaidi ya 70. Kwa nini 61?

---

Binti_Githurai
Jumatatu, saa 3:44 usiku

Hongera dada. Gawa hiyo saa katikati uone.

---

Karani_wa_Rosta
Jumatatu, saa 4:03 usiku

Nimegawa, kwa simu ya kwanza ya kila namba. Saa mbili hadi na nusu: 88. Saa mbili na nusu hadi saa tatu: 61.

Kwa hivyo nusu ya kwanza, 88 mara 300 gawanya kwa 1800, mzigo ni 14.67. Fomula inadai watu 19. Kwa sekunde 280 mpya mzigo unashuka hadi 13.7 hivi. Nusu ya pili niko sawa kabisa, ya kwanza nazama, na wastani wa saa ulikuwa unanificha. Nitahamisha faili yote iende kwa nusu saa.

Ila niambieni: niweke 300 au 280? Nikiweka 280 ni kama nimekubali foleni haitarudi, na mwisho wa mwezi ni mishahara tena.

---

Jioni_Shifti
Jumatatu, saa 4:10 usiku

280. Ndiyo data ya sasa.

---

Mzee_wa_Ubao
Jumatatu, saa 4:38 usiku

Jumatatu moja haijawa data. Weka 300 hadi umalize Jumatatu nne, pamoja na hiyo ya mishahara.

---

Sista_Eastleigh
Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Mlinzi alianza kadi Jumatano iliyopita. Kufikia saa moja na nusu jana, kadi 41 zilikuwa zimetoka. Mganga mkuu ameomba kuiona karatasi. Mzee, ukipata nafasi nieleze ile ya jumla mbili tena polepole, nimeichora lakini mstari wa waliofika unapita chini ya ule wa walioonwa na sidhani inawezekana.